Tetemeko la Kagera na Maduara Matatu: Jinsi Kitovu Kinavyopatikana

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Nyumba za matofali zilianguka Bukoba na vijiji vya jirani, watu wasiopungua 16 wakapoteza maisha, na shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa kwa muda. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maafa ilikuwa Bukoba, ilikuwa rahisi kuamini kwamba tetemeko lilianzia chini ya mji huo. Taarifa za wataalamu zilitaja mahali pengine: eneo la Nsunga, wilayani Missenyi, ukingoni kabisa mwa mpaka wa Uganda, yapata kilomita 40 kutoka Bukoba mjini. Ukubwa wake ulikuwa 5.9, na mwamba ulivunjika katika kina cha kilomita 40 hivi.

Walijuaje? Hakuna aliyeshuhudia mwamba ukikatika, na kwa kina kile hapakuwa na ufa juu ya ardhi wa kuonyesha kwamba ni hapa. Uharibifu wenyewe ni shahidi wa kutiliwa shaka, kwa sababu huenda sambamba na wingi wa watu, aina ya matofali na ulaini wa udongo. Mji wenye nyumba nyingi utaonekana umepigwa zaidi kuliko pori lililo juu kabisa ya chanzo. Jibu lilitoka kwenye mashine zilizokuwa mbali, nyingine mamia ya kilomita, na hesabu ya msingi iliyo nyuma ya jibu hilo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari mwenye ramani, rula na bikari.

Mwamba unapokatika ghafla chini ya ardhi, hutoa mitetemo ya aina mbili kwa wakati mmoja. Aina ya kwanza husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule kule wimbi linakokwenda: chembe za mwamba hubanwa, kisha huachiwa, mbele na nyuma. Hayo ndiyo mawimbi ya msingi, yanayoandikwa P. Aina ya pili hutikisa mwamba kwa kuukata njia, upande kwa upande au juu na chini, huku wimbi likisonga mbele. Hayo ni mawimbi ya upili, S. Mwamba hukataa kubanwa kwa nguvu kubwa kuliko unavyokataa kupindwa, na kwa hiyo P hukimbia kuliko S katika kila aina ya mwamba. Katika miamba migumu ya ganda la dunia, P huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde na S karibu kilomita 3.5 kwa sekunde.

Fikiria pikipiki na baiskeli zinazoondoka pamoja kijiji kimoja kwa njia moja, kila moja ikishika mwendo wake bila kubadilisha. Aliyekaa kando ya barabara hakuona zilipoondoka wala hajui ziliondoka saa ngapi. Lakini akijua mwendo wa kila moja, ule muda unaopita kati ya pikipiki kumpita na baiskeli kufika unatosha kumwambia kijiji kile kiko umbali gani. Kadiri kijiji kilivyo mbali, ndivyo baiskeli inavyozidi kuachwa.

Tuiweke katika tarakimu. Chukua kituo kilicho kilomita 84 kutoka kwenye chanzo. P itafika baada ya sekunde 14, na S baada ya sekunde 24. Pengo ni sekunde 10. Kwa hiyo kila sekunde moja ya pengo ina thamani ya kilomita 8.4, ilimradi mawimbi yote mawili yamepita katika ganda la dunia kwa kasi tulizozitaja. Kwa wapendao fomula, ambapo D ni umbali, t ni pengo, na V ni kasi ya kila wimbi:

```
D = t / (1/Vs - 1/Vp)
```

Mtaalamu wa Kijapani Fusakichi Omori ndiye aliyeieneza kanuni hii ya kuzidisha pengo kwa namba moja, na hadi leo wanafunzi wa sayansi ya matetemeko huanza nayo.

Uzuri wa njia hii ambao vitabu vingi huupita haraka uko kwenye saa. Pengo kati ya P na S husomwa ndani ya rekodi moja, ya kituo kimoja, kwa saa moja. Kama saa ya kituo hicho iko mbele dakika tatu, P na S zote zitaandikwa mbele dakika tatu, na pengo litabaki lile lile. Hakuna haja ya kujua tetemeko lilianza saa ngapi, wala saa ya kituo kimoja kulingana na ya kingine. Leo vituo vinapata muda kutoka kwenye setelaiti za GPS na hukosea kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini zamani, saa zilipokuwa za pendulumu na kituo kilijirekebisha kwa ishara za redio, jambo hilo liliokoa kazi nyingi. Hata sasa, kituo kilichopoteza mawasiliano na setelaiti bado hutoa umbali unaofaa.

Kutoka umbali hadi mahali

Umbali peke yake hauna upande. Kituo kikisema chanzo kiko kilomita 114, kimesema tu kwamba kiko mahali fulani kwenye mzingo wa duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 114, na kituo chenyewe kikiwa katikati. Kituo cha pili kikichora duara lake, maduara mawili hukatana katika nukta mbili. Cha tatu huchagua moja kati ya hizo. Hiyo ndiyo sababu ya kuhitaji vitatu.

Tulifanye tetemeko la Kagera lenyewe. Vituo viwili vya kudumu vilivyo karibu na ukanda huo na ambavyo rekodi zake huenda moja kwa moja kwenye mitandao ya kimataifa ni Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, chenye alama MBAR, na Kilimambogo karibu na Thika nchini Kenya, chenye alama KMBO. Cha tatu nakiweka Dodoma, yaliko makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Sekunde nitakazotaja nimezikokotoa kutokana na umbali wa kwenye ramani na kasi za kawaida za mawimbi. Hazikusomwa kwenye karatasi za siku ile, lakini jiometria yake ni ile ile iliyowakabili wataalamu.

Mbarara pengo ni sekunde 13.6. Zidisha kwa 8.4, unapata kilomita 114.

Kilimambogo pengo ni sekunde 64. Ukizidisha kwa 8.4 unapata kilomita 538, na hapo ndipo wengi hukwama. Mbarara na Kilimambogo zimeachana kwa kilomita 727. Jumlisha 114 na 538, ni 652. Maduara mawili hayo hayagusani hata kidogo. Kati yake kuna mwanya wa kilomita 75, na kila ukirudia kuchora unapata kitu kile kile. Rekodi imesomwa sawasawa, bikari haina kasoro. Kilichokosewa ni ile 8.4.

Kituo kikiwa karibu, mawimbi hukata moja kwa moja ndani ya ganda la dunia. Kituo kikiwa mamia ya kilomita mbali, mawimbi yanayofika mapema zaidi ni yale yaliyosafiri chini ya ganda, katika miamba mizito zaidi ambako P huenda karibu kilomita 8 kwa sekunde na S karibu kilomita 4.5. Ganda la dunia huku kwetu lina unene wa kilomita 35 hadi 40 na zaidi, kutegemea mahali. Njia ya chini ni ndefu kidogo lakini ni ya kasi, na baada ya umbali fulani inaishinda ile ya juu. Huko chini kila sekunde ya pengo ina thamani ya kilomita 10 na ushee. Safari ya kwenda Kilimambogo ina sehemu kubwa ya chini na kipande kifupi cha kupanda kupitia ganda, na thamani yake inaangukia karibu 9.8. Sekunde 64 sasa zinatoa kilomita 629.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawatumii namba moja kwa umbali wote. Hutumia majedwali ya muda wa safari, yaani orodha inayosema kwa kila umbali na kila kina, P huchukua muda gani na S huchukua muda gani. Majedwali ya Harold Jeffreys na Keith Bullen ya mwaka 1940 yalitumika duniani kote kwa miongo mingi. Mwaka 1991 yakaja mengine yanayoitwa IASP91. Msomaji wa rekodi hutafuta kwenye jedwali umbali ambao pengo lake ni sekunde 64, basi. Kanuni ya kuzidisha ni ya vituo vya jirani tu.

Sasa chora upya: Mbarara kilomita 114, Kilimambogo kilomita 629. Jumla ni 743, inayozidi kidogo tu umbali wa kati ya vituo hivyo, kwa hiyo maduara yanakatana kwa kuponea chupuchupu. Nukta mbili zinazopatikana zimeachana kama kilomita 107, moja ikiwa kaskazini na nyingine kusini. Ya kaskazini iko Uganda, upande wa Masaka. Ya kusini iko wilayani Missenyi, Kagera. Kwa vituo viwili hivyo peke yake hakuna namna ya kusema tetemeko limepiga nchi gani.

Dodoma inasema. Pengo lake ni sekunde 74, na jedwali linatoa kilomita 732. Kama chanzo kingekuwa kule kaskazini, umbali wa kufika Dodoma ungekuwa kilomita 800 hivi na pengo lingekaribia sekunde 81. Sekunde 7 si jambo la kubishania. Kwenye rekodi ni nafasi kubwa inayoonekana kwa macho. Duara la Dodoma linapita takriban kilomita 70 kutoka nukta ya Masaka, na kilomita 10 hivi kutoka nukta ya Missenyi. Kesi imekwisha: ni Missenyi.

Lakini bado kuna zile kilomita 10.

Kwa nini maduara hayakutani mahali pamoja

Kwenye vitabu vya shule maduara matatu hukutana katika nukta moja safi. Kwenye meza ya kazi huacha pembetatu ndogo katikati. Pembetatu hiyo ina habari ndani yake, na msomaji mzuri huiuliza maswali kabla ya kuifuta.

Swali la kwanza ni kina. Kilomita 114 za Mbarara ni umbali wa kupita ndani ya mwamba, kutoka kituoni hadi kwenye kiini, yaani pale mwamba ulipokatika chini. Kitovu ni nukta iliyo juu ya ardhi, wima juu ya kiini hicho. Ramani inaonyesha uso wa ardhi tu, kwa hiyo tulipochora duara la 114 tulilaza umbali wa mshazari kana kwamba ni wa mlalo. Kama kiini kiko kilomita 40 chini, kanuni ya Pythagoras inatoa umbali wa mlalo wa kilomita 107. Punguza duara la Mbarara kutoka 114 hadi 107 na nukta ya kusini inasogea kama kilomita 14 kuelekea kaskazini, hadi mpakani kabisa, na duara la Dodoma linapita pale pale. Kilomita 7 za nusu kipenyo zimehamisha kitovu kwa kilomita 14, kwa sababu maduara yalikuwa yanagusana kwa ukingo tu badala ya kukatana vizuri.

Je, tumekipima kina? Kwa tahadhari. Kosa la sekunde moja katika kusoma pengo la Kilimambogo ni kilomita 10 za umbali, na linaweza kufungua au kufunga pembetatu ile ile bila kina kubadilika. Vituo vya mbali havikioni kina vizuri, kwani kwa umbali wa kilomita 629 tofauti ya mshazari na mlalo ni kilomita moja na ushee tu. Kina hupimwa vizuri na kituo kilicho karibu, ambacho umbali wake wa mlalo haupiti sana kina chenyewe. Kituo ambacho kingekuwa Nsunga, wima juu ya kiini, kingeandika pengo la karibu sekunde 5 ingawa umbali wake wa mlalo ni sifuri, na sekunde 5 hizo zote zingekuwa za kina. Kituo kama hicho kisipokuwepo, ofisi za matetemeko mara nyingi hukadiria kina kwanza, na kilomita 10 ndiyo kadirio linalotumika sana. Ukiona taarifa ya haraka imeandikwa kina kilomita 10 kamili, huenda ni namba ya kuanzia ambayo bado haijapimwa.

Swali la pili ni usomaji wenyewe. Kituo cha kisasa huandika mistari mitatu: wa juu na chini, wa kaskazini na kusini, wa mashariki na magharibi. P inatoka chini ikiwa imeinuka, kwa hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye mstari wa juu na chini. Hufika wakati mstari umetulia, na mwanzo wake mara nyingi ni mkali, unaweza kuuwekea alama kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya sekunde. S hutafutwa kwenye mistari miwili ya mlalo, na hiyo ndiyo yenye taabu, kwa kuwa inafika wakati mstari bado unacheza kutokana na mkia wa P. Msomaji hutazama mahali ambapo mtikisiko unakua ghafla na mawimbi yanapanuka, yaani yanarudia polepole zaidi kuliko ya P. Wasomaji wawili wazoefu wanaweza kutofautiana sekunde moja au mbili juu ya S ya kituo cha mbali, na wote wakawa na hoja.

Kosa baya zaidi hutokea katika umbali kama wa Kilimambogo. S iliyopita chini ya ganda hufika ikiwa dhaifu. Baada yake huja mawimbi mengine ya mtikisiko wa kukata yaliyonaswa ndani ya ganda la bara, yakirukaruka kati ya uso na chini ya ganda, na hayo huwa makubwa sana. Jicho linavutwa na kikubwa. Ukiyawekea hayo alama ya S, pengo linarefuka kwa sekunde nyingi na duara linapanuka kwa makumi ya kilomita. P nayo ina mtego wa aina hiyo: ile ya mwanzo kabisa ni ndogo, ikifuatwa na kubwa zaidi iliyopita juu, na ukiikosa ya kwanza pengo linafupika.

Kuna njia ya kumgundua mkosaji bila kubahatisha. Kwenye karatasi ya grafu, weka muda wa P kufika kila kituo kwenye mhimili wa mlalo, na pengo la P na S kwenye mhimili wa wima. Vituo vilivyosomwa sawasawa hujipanga karibu na mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu vyote vinasimulia mbio zile zile. Kituo kilichokosewa hubaki nje ya mstari, juu au chini. Mchoro huu umepewa jina la Kiyoo Wadati, mtaalamu wa Japani, na una zawadi nyingine. Urefushe mstari huo hadi pale pengo linapokuwa sifuri: huo ndio wakati P na S zilikuwa pamoja, yaani saa tetemeko lilipoanza. Hapa, tofauti na kwenye maduara, saa za vituo lazima zilingane.

Swali la tatu, ambalo linaumiza zaidi eneo letu, ni mpangilio wa vituo. Mbarara iko magharibi mwa kitovu cha Kagera, Kilimambogo mashariki, karibu katika mstari mmoja. Maduara ya vituo vilivyokaa hivyo hugusana kwa ukingo, na yakigusana kwa ukingo kosa dogo la umbali huzaa kosa kubwa la kaskazini na kusini. Umeona jinsi kilomita 7 zilivyogeuka 14. Kituo kilichokaa kusini, kwa mfano Kigoma au Tabora, kingekata maduara hayo kwa pembe nzuri na kuondoa utata kwa urahisi kuliko kituo cha nne kilichoongezwa mashariki. Kanuni ya kazi ni kwamba vituo vikizunguke kitovu. Wataalamu hupima pembe kubwa kuliko zote isiyokuwa na kituo, wakiangalia kutoka kwenye kitovu. Pembe hiyo ikizidi nyuzi 180, maana yake vituo vyote viko upande mmoja, na mahali palipotajwa hapapaswi kuaminiwa kwa kilomita chache.

Kwa tetemeko linalotokea katikati ya Bahari ya Hindi, tatizo hilo halikwepeki kwa urahisi, kwani hakuna mahali pakavu pa kuweka mashine upande wa pili.

Kompyuta hufanya nini

Siku hizi hakuna ofisi inayotoa taarifa kwa bikari. Njia inayotumika ilibuniwa na Ludwig Geiger mwanzoni mwa karne ya 20, muda mrefu kabla ya kompyuta zilizoifanya iwe rahisi. Unaanza na kisio: chanzo kiko hapa, kina hiki, saa hii. Unakokotoa P na S zingefika saa ngapi katika kila kituo kama kisio hilo lingekuwa sahihi. Unalinganisha na saa zilizosomwa, unatazama kila kituo kimechelewa au kimewahi kwa kiasi gani, kisha unalisogeza kisio upande unaopunguza tofauti hizo zote kwa pamoja. Unarudia hadi tofauti zisipungue tena. Kompyuta hufanya hivyo kwa vituo mamia ndani ya muda mfupi, na huweza kutumia P peke yake pale S isiposomeka.

Wazo la ndani ni lile lile. Wanne hawajulikani, yaani latitudo, longitudo, kina na saa, nao wanatafutwa kutokana na saa za kufika. Maduara matatu ni picha ya hesabu hiyo ikiwa imepunguzwa hadi mtu aweze kuiona. Na kompyuta hurithi udhaifu wote tuliouona: kasi zisizo za eneo lenyewe, S iliyosomwa vibaya, vituo vya upande mmoja. Kwa Afrika Mashariki la kwanza ni zito, kwa sababu majedwali ya dunia nzima ni wastani, na chini ya Bonde la Ufa miamba ina joto na kasi ndogo, wakati chini ya ngao ya kale ya Tanzania ni ya baridi na ya kasi kubwa. Wimbi linaloelekea Kilimambogo kutoka Kagera hupita chini ya ngao hiyo, kisha chini ya ufa.

Ndiyo maana kitovu husogea katika saa za mwanzo baada ya tetemeko. Taarifa ya kwanza hutoka kwa vituo vichache na alama zilizowekwa na kompyuta yenyewe. Baadaye mtaalamu hupitia rekodi kwa macho, vituo zaidi huongezwa, kina hurekebishwa, na Nsunga inaweza kuhama kilomita kadhaa. Watu huliona hilo kama kuchanganyikiwa kwa wataalamu. Taarifa isiyobadilika kabisa ndiyo ya kuulizia zaidi.

Walimu wa jiografia na fizikia wana nafasi nzuri hapa, kwa kuwa rekodi za MBAR na KMBO ziko wazi kwenye mtandao na hazilipiwi. Chagueni tetemeko lolote lililosikika katika ukanda huu, pakueni mistari mitatu ya kila kituo, tafuteni P kwenye mstari wa wima na S kwenye ile ya mlalo, chukueni umbali kwenye jedwali badala ya kuzidisha kwa 8.4, kisha chukueni ramani ya Afrika Mashariki yenye skeli na bikari iliyochongwa vizuri. Wanafunzi wachore vituo vitatu vilivyozunguka kitovu, halafu vitatu vilivyo upande mmoja, wapime kwa rula ukubwa wa pembetatu katika kila mchoro.